Faneli ya mauzo isiyodanganya macho: kuonyesha idadi na asilimia bila kupotosha maumbo

Watu 8,000 walifungua ukurasa wa bidhaa. Kati yao, 2,400 wakajaza fomu. Chora hatua hizo, pamoja na tatu zinazofuata, kwa ile pembetatu iliyogeuzwa inayokuja tayari na programu ya slaidi, kisha tazama kipande cha pili. Eneo lake ni takribani asilimia 78 ya eneo la kipande cha kwanza, ilhali watu waliomo ni asilimia 30 tu. Namba zimeandikwa sawasawa ndani ya maumbo, lakini jicho huanza kwenye umbo, na umbo limeshasema jambo jingine kabla namba haijasomwa.

Hili ndilo kosa linalonifanya nirudishe ripoti mara nyingi kuliko jingine lolote. Na mtu akienda kulirekebisha, mara nyingi hulirudisha kwa sura nyingine: anachora trapeza zinazoungana, au anapunguza umbo kwa upana na kimo kwa pamoja. Mwongozo huu unafuata mfano mmoja wa faneli, yaani chati ya watu wanavyopungua hatua kwa hatua, kutoka jedwali tupu hadi chati iliyopimwa kwa rula.

## Unachohitaji

- Orodha ya hatua za mauzo kwa mpangilio, kati ya tatu na sita. Zikizidi hapo, unganisha zile ambazo hakuna anayezifanyia uamuzi.
- Idadi halisi ya watu kwa kila hatua. Ukiletewa asilimia peke yake, omba idadi kabla hujaanza.
- Lahajedwali. Majina ya menyu hapa ni ya Excel ya Kiingereza. Google Sheets na LibreOffice Calc zinafanya kazi hiyo hiyo, ila vitufe vyake vimekaa kwingine.
- Rula ya kawaida. Si utani, utaitumia mwishoni.

## Kwanza, ujue umbo linapotokea kudanganya

Pembetatu iliyokatwa vipande vitano vya kimo sawa huwa na maeneo yenye uwiano wa 9, 7, 5, 3 na 1. Haijalishi unaingiza namba gani. Wanunuzi wawe 360 au 3,000, kipande cha chini kitabaki kuwa sehemu moja kati ya 25. Hiyo ni picha ya mapambo. `Inverted Pyramid` ya SmartArt iko kwenye kundi hili.

Trapeza zinazoungana zinaonekana kuwa na adabu zaidi, kwa sababu upana wake unatoka kwenye data. Ukingo wa juu ni 8,000 na wa chini ni 2,400. Tatizo ni kwamba eneo la trapeza linafuata wastani wa kingo zake mbili, kwa hiyo kipande kilichoandikwa 8,000 kina eneo la 5,200. Sasa tuseme fomu imerahisishwa na waliojaza wamepanda hadi 4,000. Eneo la kipande cha "waliofungua ukurasa" litapanda kutoka 5,200 hadi 6,000, ingawa hakuna hata mtu mmoja zaidi aliyefungua ukurasa. Hatua moja imebadilika, na umbo la hatua nyingine ndilo limenenepa.

Kosa la tatu ni kupunguza umbo pande zote mbili. Ukilipunguza hadi asilimia 30 kwa upana na asilimia 30 kwa kimo, eneo linabaki asilimia 9. Hapa anguko linaonekana baya zaidi kuliko lilivyo.

Dawa ya yote matatu ni moja: kila hatua iwe mstatili, mistatili yote iwe na kimo kimoja, na upana peke yake ubebe idadi. Kimo kikiwa sawa, uwiano wa maeneo unakuwa sawasawa na uwiano wa idadi, na hakuna pa kujificha.

## Hatua ya 1: Hakikisha unahesabu kundi moja

Chati nyingi huharibika hapa, kabla hata programu haijafunguliwa.

Mifumo mingi ya kufuatilia wateja hukuonyesha watu walioko kwenye kila hatua leo. Hiyo ni picha ya foleni, si faneli. Unaweza kukuta watu 40 wamesimama kwenye fomu na 95 wanasubiri makadirio ya bei, kwa sababu tu makadirio huchukua muda mrefu. Ukitafuta asilimia ya walioishia njiani kwa namba hizo utapata hasi, na utaanza kutafuta kosa kwenye fomula ilhali kosa liko kwenye data.

Unachotaka ni kundi moja la watu lililofuatiliwa. Kwa mfano, chukua wote waliofungua ukurasa kati ya tarehe 1 na 31 Machi, kisha uhesabu wangapi kati ya watu hao hao walifika kila hatua. Wape muda wa kufika. Kama mauzo yako huchukua hadi siku 60, usifunge hesabu ya kundi la Machi kabla ya mwisho wa Mei. Ukiifunga mapema, hatua ya mwisho itaonekana dhaifu kwa sababu watu bado wako njiani.

Kuna mambo mawili madogo ya kuamua na kuyaandika chini ya chati. La kwanza, unahesabu watu au matukio? Mtu aliyefungua ukurasa mara saba ni mtu mmoja. Ukihesabu mara alizofungua juu, halafu watu chini, anguko la kwanza linavimba bure. La pili ni waliorukia hatua. Kuna mtu atampigia muuzaji simu bila kujaza fomu. Ama umhesabu kuwa alipita hatua zote zilizo nyuma yake, ama umtoe kabisa na kumwonyesha kando. Mimi huchagua njia ya kwanza kama waliorukia ni wachache. Wakiwa wengi, ni dalili kwamba fomu si hatua ya kweli ya mauzo yako, na inafaa iondolewe kwenye faneli.

Dalili kwamba uko sawa: hakuna idadi inayozidi ile iliyo juu yake. Lakini usitosheke na hilo peke yake, kwa sababu hata namba za foleni zinaweza kushuka kwa bahati.

Mfano wetu una namba hizi:

| Hatua | Idadi |
|---|---|
| Walifungua ukurasa | 8,000 |
| Walijaza fomu | 2,400 |
| Walizungumza na muuzaji | 1,200 |
| Walipewa makadirio ya bei | 900 |
| Walinunua | 360 |

## Hatua ya 2: Tafuta asilimia, na ujue ni asilimia ya nini

Andika jedwali hilo kuanzia seli A1, vichwa vikiwa kwenye mstari wa 1 na idadi kwenye B2 hadi B6. Kisha ongeza safu tatu. C ni idadi ya walioishia njiani, D ni asilimia yao kati ya waliofika hatua iliyotangulia, na E ni asilimia ya waliofika hatua hii kati ya wote walioanza.

```
C3: =B2-B3
D3: =C3/B2
E2: =B2/B$2
```

Vuta C3 na D3 hadi mstari wa 6, na E2 vilevile. C2 na D2 zibaki tupu, maana hakuna aliyetangulia hatua ya kwanza. Zipe safu D na E muundo wa asilimia. Utapata haya:

| Hatua | Idadi | Walioishia njiani | % ya waliotangulia | % ya wote |
|---|---|---|---|---|
| Walifungua ukurasa | 8,000 | | | 100% |
| Walijaza fomu | 2,400 | 5,600 | 70% | 30% |
| Walizungumza na muuzaji | 1,200 | 1,200 | 50% | 15% |
| Walipewa makadirio ya bei | 900 | 300 | 25% | 11.25% |
| Walinunua | 360 | 540 | 60% | 4.5% |

Safu D na E zina asilimia zinazogawanywa kwa vitu viwili tofauti, na hapo ndipo wasomaji hupotea. Asilimia 60 ya mwisho ni ya watu 900. Asilimia 4.5 ni ya watu 8,000. Zikiwekwa bega kwa bega bila maelezo, mtu atajaribu kuzijumlisha au kuzitoa, na jibu halitakuwa na maana yoyote.

Kwa sababu hiyo hiyo, asilimia za anguko hazijumlishwi. 70, 50, 25 na 60 zinafika 205. Kama unataka kuzikagua, zidisha za waliosonga mbele: 0.30 × 0.50 × 0.75 × 0.40 = 0.045, ambayo ni ile 4.5% iliyo chini ya safu E. Ukaguzi wa pili ni wa watu. Jumla ya safu C ukiongeza wanunuzi lazima irudi mwanzoni: 5,600 + 1,200 + 300 + 540 + 360 = 8,000.

Tahadhari: usiondoe desimali zote bila kufikiri. Kuandika 11% badala ya 11.25% hakumdhuru mtu. Kuandika 5% badala ya 4.5% kunaongeza wanunuzi 40 ambao hawapo.

## Hatua ya 3: Andaa jedwali la pili kwa ajili ya chati

Chati haitachorwa kutoka jedwali la kwanza. Tunatengeneza la pili lenye safu tatu: maandishi, pengo na idadi. Pengo ni nafasi tupu upande wa kushoto inayosukuma kila pau hadi katikati. Kati ya hatua na hatua tunaingiza mstari wenye sifuri ambao kazi yake ni kubeba maandishi ya anguko. Hivyo asilimia inakaa mahali anguko linapotokea, yaani kati ya pau mbili. Ikiwekwa ndani ya pau, msomaji anajiuliza ni ya kuingia au ya kutoka.

Weka vichwa G1, H1 na I1 (Maandishi, Pengo, Idadi), kisha:

```
G2: =A2&" – "&TEXT(B2,"#,##0")
H2: =($B$2-I2)/2
I2: =B2

G3: ="▼ "&TEXT(D3,"0%")&" waliishia hapa ("&TEXT(C3,"#,##0")&")"
H3: 0
I3: 0
```

Mstari wa 4 unarudia muundo wa mstari wa 2, ila unasoma A3 na B3. Mstari wa 5 unarudia wa 3, ila unasoma D4 na C4. Endelea hivyo hadi mstari wa 10. Usivute fomula za G na I kwenda chini, kwa sababu jedwali hili linashuka mistari miwili kila mara lile la kwanza linaposhuka mmoja. Ni mistari tisa tu, iandike kwa mkono. Kama kompyuta yako hutenganisha vipengele vya fomula kwa nuktamkato badala ya mkato, badilisha ndani ya `TEXT`.

Nimeweka idadi ya watu karibu na asilimia kwa makusudi. "60% waliishia hapa" ni habari moja kama ni watu 540, na ni nyingine kabisa kama ni watatu kati ya watano.

Dalili kwamba uko sawa: mapengo ya hatua tano yasomeke 0, 2,800, 3,400, 3,550 na 3,820.

## Hatua ya 4: Chora

Chagua G1:I10. Nenda `Insert`, fungua chati za pau za mlalo, kisha chagua `Stacked Bar`. Utaona rangi mbili kwenye kila mstari: ya kwanza ni pengo, ya pili ni idadi. Bofya rangi ya pengo, fungua `Format Data Series`, na kwenye `Fill` chagua `No fill`. Kwenye Google Sheets, tafuta mfululizo wa pengo kwenye mipangilio ya chati na ushushe `Fill opacity` hadi 0%.

Tahadhari: pembeni ya `Stacked Bar` kuna `100% Stacked Bar`, na mkono huteleza kwa urahisi. Hiyo inanyoosha kila mstari ujaze upana wote. Wanunuzi 360 wana pengo la 3,820, hivyo mstari wao una jumla ya 4,180, na pau yao itachukua asilimia 8.6 ya upana badala ya 4.5. Umeongeza mauzo karibu mara mbili kwa mbofyo mmoja. Utaijua kwa kuwa pau zote zitakuwa zimebanwa ukutani upande wa kulia badala ya kukaa katikati.

Excel 2019 na zinazofuata zina pia chati ya `Funnel` iliyo tayari. Haidanganyi: inachora pau za kimo kimoja na kuziweka katikati. Ninaipita kwa sababu moja tu, haina mahali pa asilimia za anguko kati ya pau. Kama unataka idadi peke yake, itumie na uruke hadi hatua ya 7.

## Hatua ya 5: Funga mihimili

Excel huanza pau za mlalo kutoka chini, hivyo wanunuzi watakuwa juu na faneli itakuwa imesimama kichwa chini. Bofya mhimili wenye majina ya hatua, fungua `Format Axis`, na uweke alama kwenye `Categories in reverse order`. Mhimili wa namba utahamia juu. Uache, tunauficha baadaye.

Sasa bofya huo mhimili wa namba. Weka `Minimum` 0 na `Maximum` 8000. Programu ikiachwa ichague yenyewe, inaweza kuishia 9,000, na faneli yako itasogea kushoto bila sababu. Mwanzo ukiwa zaidi ya sifuri ni hatari kubwa zaidi. Pau ya juu haina pengo, hivyo ndiyo itakayokatwa ubavu, huku za chini zikibaki nzima kwa kuwa kilichokatwa kwao ni nafasi tupu. Anguko la kwanza litaonekana dogo, na chati haitakuwa na alama yoyote ya kukuonya zaidi ya kukaa upande.

Ukishaweka mipaka, usiufute mhimili. Ufiche: kwenye `Labels` chagua `None`, na kwenye `Line` chagua `No line`. Mistari ya nyuma ya gridi ifute kabisa, pamoja na kisanduku cha maelezo ya rangi, ambacho sasa kinatangaza neno "Pengo" kwa kitu kisichoonekana.

Mwisho, bofya pau, tafuta `Gap Width`, na uishushe hadi kama 10%. Mistari ya maandishi tuliyoingiza inatosha kutenganisha hatua.

## Hatua ya 6: Maandishi na rangi

Kama nusu ya maandishi yametoweka, Excel imeyaruka ili yasibanane. Kwenye mhimili wa majina, fungua `Labels`, weka `Specify interval unit` kuwa 1, kisha refusha chati hadi yote yasomeke.

Watu huniuliza kwa nini namba haziko ndani ya pau. Pau ya wanunuzi ni asilimia 4.5 ya upana wa chati. Chati ikiwa na sentimita 16, hiyo ni milimita saba. "360" haitaingia, na hapo ndipo mtu hushawishika kuinenepesha pau "kidogo tu ili namba ikae". Namba zikikaa kushoto pamoja na majina, kishawishi hicho hakipo.

Asilimia ya jumla iandike mara moja tu, kwenye kichwa cha chati: "Kati ya watu 8,000 waliofungua ukurasa, 360 walinunua (4.5%)". Hapo inaeleweka ni asilimia ya nini, na ndani ya chati zinabaki asilimia za aina moja.

Rangi iwe moja kwa pau zote. Kufifisha rangi kadiri unavyoshuka kunazidisha anguko ambalo upana umeshalionyesha. Kama kuna hatua unayotaka ijadiliwe, ipe rangi tofauti peke yake, lakini usichague tu penye asilimia kubwa. Katika mfano huu 70% ndiyo kubwa kuliko zote, ila wale 5,600 wengi wao huenda walikuwa wapita njia. Wale 540 walishazungumza na muuzaji, wakapewa bei, ndipo wakaondoka. Mimi ningepaka rangi hapo. Chati haiwezi kukuamulia hilo.

## Hatua ya 7: Pima kwa rula

Chapisha chati, au ikuze kwenye skrini hadi pau ya juu ifike sentimita 16 kamili. Kisha pima zilizobaki:

| Hatua | Upana unaotakiwa |
|---|---|
| Walifungua ukurasa | 16 cm |
| Walijaza fomu | 4.8 cm |
| Walizungumza na muuzaji | 2.4 cm |
| Walipewa makadirio ya bei | 1.8 cm |
| Walinunua | milimita 7 |

Pima pia kimo cha pau mbili zozote. Zikiwa na kimo kimoja na upana ukikubaliana na jedwali, maeneo yako ni ya kweli, hakuna haja ya hesabu nyingine.

Za chini zote zikizidi jedwali kwa uwiano mmoja, rudi kwenye `Minimum` ya mhimili. Zikizidi kwa viwango tofauti na zote zimebanwa upande wa kulia, umechagua `100% Stacked Bar`. Upana ukiwa sawa lakini pau zimeinamia upande mmoja, kuna pengo lililoandikwa vibaya kwenye safu H.

Rudia kipimo baada ya kubandika chati kwenye slaidi. Mtu akiivuta picha kwa upande mmoja hakuna tatizo, kwa sababu pau zote zinanyooka kwa kiwango kimoja. Tatizo huja pale mtu anapoibandika kama maumbo yanayohaririwa na kuanza kusogeza pau moja moja ili slaidi "ipendeze".

## Katikati au kushoto?

Umbo la kukaa katikati linaita jina "faneli" kichwani mwa msomaji, na ndiyo faida yake pekee. Gharama yake ni usahihi wa kusoma. Kati ya 1,200 na 900 kuna tofauti ya milimita sita kwenye chati yetu. Pau zikiwa katikati, tofauti hiyo inagawanyika, milimita tatu kila upande. Zikianzia ukuta mmoja wa kushoto, milimita zote sita ziko upande mmoja na jicho linaziona mara moja.

Kwa hiyo kama hatua zako za chini zinakaribiana, weka sifuri kwenye safu H yote. Chati itahamia kushoto bila kubadilisha kitu kingine. Kwa ripoti za ndani, za watu wanaofanyia kazi namba hizo kila wiki, sijaona sababu ya kuziweka katikati.

## Pau ya mwisho ikitoweka

Tuseme juu ya ukurasa kuna hatua nyingine: watu 400,000 walioona tangazo. Wanunuzi 360 wangekuwa na upana wa takribani milimita 0.14 kwenye chati ya sentimita 16. Haionekani.

Wengine hukimbilia mizani ya logariti. Usiitumie kwa pau. Mizani hiyo haina sifuri, kwa hiyo urefu wa pau unategemea namba uliyoamua kuanzia, na eneo halina maana tena. Kukata pau ya juu kwa alama ya zigizaga nako kunaondoa kile kile tulichokuwa tunakilinda.

Anzisha chati kwenye hatua ya pili na uiandike ya kwanza kwa maneno juu yake: "Tangazo lilionwa na watu 400,000. Waliofungua ukurasa ni 8,000 (2%)." Chati inaanza na 8,000. Hatua inayohesabika kwa mamia ya maelfu kwa kawaida haihitaji pau, sentensi moja inaitosha.

## Ukiweka faneli mbili bega kwa bega

Hili huvuruga chati zilizokuwa safi. Kundi la Machi lilianza na watu 8,000, la Aprili likaanza na 6,000. Ukiiachia kila chati mhimili wake, pau za juu zitakuwa na upana mmoja na watu 2,000 watakuwa wamefutika.

Amua unalinganisha nini. Kama ni watu, mihimili yote miwili iwe na `Maximum` ya 8000, na kwenye jedwali la Aprili pengo lihesabiwe kutoka 8,000 pia, si kutoka 6,000, la sivyo faneli ya pili haitakaa katikati. Kama ni viwango, chora safu E badala ya idadi, pengo likihesabiwa kutoka 100% na mwisho wa mhimili ukiwa 100% kwa chati zote mbili, na uandike idadi ya walioanza chini ya kila moja. Usichanganye njia hizi mbili kwenye slaidi moja, hata kama nafasi inatosha.